Ratiba ya Tasnifu Isile Muda wa Tasnifu

Wadogo zangu wa uzamili, kila msimu wa pendekezo ukipita naona jambo lilelile. Jedwali la kazi limepakwa rangi tano kwenye Excel, Zotero ina mafolda arobaini, na faili la Sura ya Pili lina kichwa cha habari tu. Supavaiza akiuliza mmefika wapi, mnamtumia jedwali. Inaniuma, kwa sababu wengi wenu mna akili ya kuimaliza sura hiyo.

1. Jueni kwanza kwa nini kupanga kunanasa. Rasimu inaweza kurudishwa imejaa wino mwekundu, lakini ratiba hairudishwi na mtu. Kila ukiipanga upya unapata nafuu ya kuona umefanya kazi, na hofu ya kuandika inasogea hadi kesho. Dalili yake ni rahisi kuiona: ratiba imebadilishwa mara ya pili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili hujaandika wala kusoma kitu kilichokupa taarifa mpya. Hapo huendi popote, unakwepa.

2. Msidhani ratiba yenye maelezo mengi zaidi itakuwa sahihi zaidi. Roger Buehler na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, waliwauliza wanafunzi wa saikolojia nchini Kanada watamaliza tasnifu zao baada ya siku ngapi. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34 hivi. Kazi ikachukua takriban 55. Hata walipoombwa wakadirie mambo yakienda vibaya kabisa, walitaja siku kama 49. Muda wa kazi mtaujua mkishaandika kurasa chache na kuona kila ukurasa umekula saa ngapi, kwa hiyo ratiba ya kwanza inatosha ikiwa ya juma moja.

3. Wekeni kikomo cha kupanga: dakika 45 kwa sura nzima, saa ya simu ikiwa imetegwa na simu iko upande wa pili wa chumba, ili uinuke kuizima. Tuchukue mwanafunzi anayeandika Sura ya Pili kuhusu upotevu wa mahindi baada ya mavuno wilayani Kongwa. Dakika 10 za kwanza anaandika swali ambalo sura italijibu, kwa sentensi moja: kwa nini wakulima wanaendelea kupoteza mahindi ghalani ilhali njia za kuhifadhi zinajulikana? Dakika 15 ni za vichwa, visizidi vitano: wadudu, hasa dumuzi, vihenge na magunia ya kawaida, mifuko isiyopitisha hewa, gharama kwa mkulima, pengo la utafiti. Dakika 10 anaweka makala mbili au tatu chini ya kila kichwa, zile alizokwisha kuzisoma. Dakika 10 za mwisho anachagua vipindi vya juma hili tu, na kipindi cha kwanza kinaanza siku hiyohiyo.

Mahali wengi wanapoanguka ni saa inapolia. Mwanafunzi wetu anaona kichwa cha gharama hakina makala hata moja, anajiambia aongeze nusu saa atafute. Nusu saa inazaa makala kumi na mbili, makala zinazaa folda jipya, folda linadai vichwa vipangwe upya, na jioni imekwisha bila aya moja. Dawa ni kuacha pengo lilivyo. Andika [TAFUTA: bei ya mifuko Kongwa] kisha anza na dumuzi, kwa kuwa hicho unakijua. Andika dakika 25 bila kufungua Zotero. Mabano yakifika saba au nane, tenga kipindi kimoja cha kuyatafuta yote kwa pamoja; utakuwa unatafuta jambo mahususi, na utajua umelipata.

4. Kurekebisha ratiba ni Ijumaa, dakika 20. Wazo likija Jumanne, liandike pembeni lisubiri.

5. Kikomo hiki ni cha kupanga uandishi, kwa sababu aya mbaya inafutwa. Msikipeleke kwenye ukusanyaji wa data. Hojaji ikishajazwa na kaya 200 huku umesahau kuuliza mahindi yalihifadhiwa kwa miezi mingapi, huna namna ya kuirekebisha ukiwa mezani. Itabidi urudi kijijini kwa nauli yako. Sampuli, hojaji na vibali vya utafiti vipeni siku zake, ila navyo viwe na tarehe ya mwisho. Ijaribuni hojaji kwa watu watano au sita kabla ya kuipanga upya mara ya tatu. Swali wasilolielewa litajitokeza mchana huohuo, wakati mezani mngeweza kulijadili juma zima bila kuliona.