Tredmili yako imekupandisha mita ngapi?

"Kocha, natembea dakika 50 kwenye tredmili, mwinuko nabadilisha njiani. Nitajuaje nimepanda mita ngapi?" (Barani, Malindi)

Dada, zidisha umbali wa kila kipande kwa asilimia yake, kisha ujumlishe. Asilimia 12 maana yake ukienda mita 100 umepanda kama 12.

Tuseme ulianza na mita 1,000 kwa asilimia 2: umepanda 20. Ukaenda mita 2,000 kwa asilimia 12: 240. Ukamalizia mita 800 kwa asilimia 5: 40. Jumla ni mita 300. Wengi huchukua wastani wa 2, 12 na 5 wakauzidisha kwa umbali wote, wakapata 241. Mita 59 zimepotea hapo, kwa sababu kipande kirefu ndicho kilichokuwa kikali.

"Asilimia 15 si ndiyo nyuzi 15?" (Watamu)

Hapana, ni nyuzi 8.5 tu. Nyuzi 45 ndizo asilimia 100.

"Nikishika vyuma vya mbele, mita bado zinahesabika?" (Malindi mjini)

Skrini itazihesabu, miguu haitakuwa imezipanda zote. Mtazame anayening'inia: mikono imenyooka, mgongo umelala nyuma, mwili umefanya pembe mraba na mkanda kana kwamba anatembea tambarare. Sehemu ya uzito imebebwa na vyuma. Achia mikono, ukishindwa kufuata mkanda, shusha mwinuko hadi uweze. Asilimia 8 za kweli nazipenda kuliko 15 za kushikilia.

"Desemba tunapanda Mlima Kenya hadi Lenana. Huku Lamu hakuna mlima. Tredmili itatosha?" (Shela)

Kwa kupanda, itakusaidia sana. Kutoka kambi ya Shipton, kama mita 4,200, hadi Lenana, mita 4,985, ni mita 785 hivi. Kwa kilomita 4 kwa saa na asilimia 12 unapata mita 480 kwa saa, kwa hiyo mita hizo ni saa moja na dakika 38. Mlimani utachukua muda mrefu zaidi: njia ni changarawe inayoteleza, na kila pumzi ina oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Hilo la hewa tredmili haikufundishi, linataka siku za kuzoea njiani.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kushuka. Mita 785 hizo utazirudi siku hiyo hiyo, na msuli wa mbele wa paja ndio unaokuzuia kila hatua. Tredmili ya kawaida haishuki. Tumia ngazi za nyumba ya ghorofa. Pima kidato kwa rula: kikiwa sentimita 20, vidato 50 ni mita 10. Mara 30 kupanda na kushuka ni mita 300 juu na 300 chini. Anza na mara 10, shuka polepole, na usiruke vidato.