Tochi yangu inafifia na betri za kuchaji, je nimeuziwa feki?

*Habari fundi. Mimi ni mkunga kwenye kituo cha afya huku Koboko, natumia tochi ya kichwani ya betri 3 ndogo za AAA. Nimechoka kununua za kawaida kila saa nikanunua za kuchaji, Ni-MH, zimeandikwa 1.2V 800mAh. Zikitoka kwenye chaja zinawaka vizuri dakika chache halafu mwanga unashuka, nikirudisha alkalini mpya tochi inang'aa tena. Mwenye duka anasema hizi ni dhaifu ninunue zenye mAh kubwa, mwingine ananiambia nichanganye 2 za kuchaji na 1 ya kawaida. Nifanye nini?*

Habari yako sista. Usichanganye, na huyo wa mAh usimpe pesa yako. Betri zako kwa maelezo hayo ni nzima, yaani zinafanya kile kile kilichoandikwa ubavuni mwake, na swali hili naletewa karibu kila wiki, mtu anakuja na mfuko wa betri nzuri kabisa anataka kuzitupa kwa sababu mita imesoma 1.2 na kuna mtu alimwambia 1.2 ni betri iliyokwisha.

Kwa alkalini 1.2 ni betri iliyotumika nusu au zaidi, sawa. Kwa Ni-MH 1.2 ni kawaida yake, ndiyo mahali inapoishi maisha yake yote. Volti ya betri inatoka kwenye vitu vilivyomo ndani, alkalini ni zinki na manganizi, Ni-MH ni nikeli na aloyi ya metali inayoshika haidrojeni, na vitu hivyo haviwezi kutoa 1.5 hata uchaji mpaka kesho. Ikitoka kwenye chaja inasoma kama 1.4, ndiyo hizo dakika chache ulizoona mwanga mzuri, halafu inatulia kwenye 1.2 na kitu na inakaa hapo hapo karibu mpaka mwisho, ndipo inaanguka ghafla. Na mAh ni kiasi cha umeme uliowekwa ndani, itawaka saa ngapi, haihusiani na volti. Ukitaka ushahidi angalia alkalini ndogo ya AAA na lile jibetri kubwa la redio la D, zote zimeandikwa 1.5V ingawa moja ni kubwa mara nyingi kuliko nyingine. Kwa hiyo ukinunua za mAh kubwa mwanga utakuwa ule ule uliofifia, ila utafifia kwa muda mrefu zaidi, na pesa imekwenda.

Sasa kwa nini tochi yako inaonyesha tofauti kubwa hivyo wakati volti imepungua moja ya tano tu? Hapa ndipo watu wanapotea. Tochi nyingi za betri 3 za bei nafuu hazina sakiti ya maana ndani, ni betri, swichi, rezista moja na LED, basi. LED nyeupe haianzi kuwaka vizuri mpaka ipate kama volti 3, chini ya hapo karibu hakuna kitu, ni kama maji kwenye kizingiti cha mlango, yanayopita ni yale tu yaliyo juu ya kizingiti. Tufanye hesabu, tuseme rezista ni ya ohm 10. Alkalini mpya 3 zinatoa 4.5, LED inachukua kama 3.3, inabaki 1.2 kwenye rezista, gawa kwa 10 unapata miliampea 120. Weka Ni-MH, jumla ni 3.6, LED kwa umeme mdogo inaridhika na kama 3.0, inabaki 0.6, gawa kwa 10 ni miliampea 60. Nusu! Volti imeshuka kidogo lakini umeme unaopita kwenye LED umekuwa nusu, na mwanga unafuata umeme. Hakuna betri mbovu hapo, ni tochi iliyopimwa kwa 4.5 ikapewa 3.6.

Lakini subiri, kuna kitu ambacho huyo muuzaji hakuambii, na mimi ndicho kinaniudhi kuliko vyote. Hiyo alkalini unayoilinganisha ni alkalini ya dakika 5 za kwanza. Haikai 1.5. Inaanza kuteremka mara tu unapowasha, polepole bila kusimama, na ikifika katikati ya maisha yake iko kwenye hiyo hiyo 1.2, yaani miliampea 60 zile zile, halafu inaendelea kuteremka, 1.1, 1.0, wakati Ni-MH bado imesimama palepale. Macho hayaoni kwa sababu inashuka taratibu saa baada ya saa, unazoea, mpaka siku unaweka mpya ndiyo unasema loo kumbe ilikuwa giza. Kwa hiyo muda mwingi umekuwa ukizalisha akina mama kwa mwanga kama huu huu unaoulalamikia au chini yake. Na kifaa ambacho kweli hakiwezi kufanya kazi na 1.2 kwa kila betri, hicho kinakutupia nusu ya alkalini unayonunua, tatizo ni la kifaa.

Kama bado una wasiwasi kwamba ni feki, usipime betri ikiwa imelala tu mezani, hapo hata mzee wa betri anasoma vizuri. Pima ikiwa kazini. Nunua rezista ya ohm 2.2 ya wati 2, ni pesa kidogo tu kwa mafundi wa redio, weka mita kwenye DC volti (waya nyekundu isiwe kwenye tundu la ampea, ukikosea hapo unapiga shoti betri), gusisha rezista kwenye ncha mbili za betri iliyochajiwa, shikilia sekunde 5 huku unasoma. Rezista itapata joto, ni kawaida. Ni-MH nzima itashuka kidogo tu na kubaki juu ya 1.1, mara nyingi 1.2 hivi, kwa sababu upinzani wake wa ndani ni mdogo sana. Iliyochoka inaanguka chini ya 1.0 mbele ya macho yako. Halafu ujaribu na alkalini iliyotumika nusu inayosoma 1.3 ikiwa imelala, utaona inavyozama kuliko hiyo Ni-MH uliyoambiwa ni dhaifu. Ndiyo maana kwenye vitu vinavyokula umeme mwingi kwa mara moja, flashi ya kamera, gari za watoto, mashine ya presha yenye pampu, Ni-MH inaishinda alkalini ingawa namba yake ni ndogo. Mashine nyingine ya presha itakuonyesha alama ya betri nusu umetoka kuchaji sasa hivi, kwa sababu hiyo alama ilipimwa kwa alkalini, wewe endelea na kazi mpaka ikatae yenyewe.

Kwako sista ushauri wangu ni ubadilishe tochi, betri zibaki. Tafuta tochi ya kichwani ya betri 1 au 2 yenye LED nyeupe. Sababu yake ni hii, betri 1 ya 1.5 haiwezi kuwasha LED inayotaka 3, kwa hiyo tochi ya betri 1 lazima iwe na sakiti ndani inayopandisha volti, na sakiti hiyo ikipewa 1.2 inavuta umeme zaidi kidogo kwenye betri na mwanga unabaki karibu ule ule. Za betri 2 nyingi nazo zinayo ila jaribu hapo hapo dukani, beba betri zako zilizochajiwa juzi, zisiwe zimetoka kwenye chaja asubuhi hiyo, washa, kisha weka alkalini mpya, linganisha ukutani. Jua tu kwamba tochi ya aina hii na Ni-MH haikuagi, inawaka vizuri halafu inazima karibu ghafla, kwa hiyo seti ya pili iliyochajiwa ikae mfukoni unapoingia chumba cha kujifungulia. Fundi anaweza pia kukubadilishia rezista kwenye hiyo ya zamani iwe ya ohm ndogo, mwanga utarudi, lakini siku mwenzako wa zamu atakapoweka alkalini mpya umeme utazidi na LED inaweza kuungua, mimi kwenye tochi ya kituo inayotumiwa na wengi nisingefanya.

Kuhusu kuchanganya. Betri zikiwa kwenye mstari mmoja umeme ule ule unapita zote, na haziishi pamoja. Ile itakayokwisha kwanza, zile nyingine zinaendelea kuisukuma kinyume, chanya yake inageuka hasi. Kama ni Ni-MH iliyotangulia inaharibika ndani na haitashika chaji tena vizuri, kama ni alkalini inavuja ile potashi, unakuta unga mweupe kwenye springi na kutu ya kijani, na tochi imekufa. Hata za kuchaji zenyewe usichanganye nzee na mpya, weka alama kwa maka, 3 zitembee pamoja siku zote. Na alkalini usiitie kwenye chaja ya Ni-MH, kuna watu wanafanya wanasema imepata nguvu, inapata gesi na inapasuka muhuri ndani ya chaja yako.

Wengine wote mnaosoma, hizi betri za mitaani zenye namba za ajabu muachane nazo. AAA ya Ni-MH ya kweli inaishia kama 1100 mAh, AA inaishia kama 2800. Ukiona AA imeandikwa 5000, au AAA imeandikwa 2500, aliyeandika anadanganya, na mara nyingi ndani kuna pungufu hata ya hizo 800 za sista. Lakini kinachonitisha zaidi ni wale wanaosikia "betri yangu ina 1.2 ni dhaifu" wanamuuzia mtu ya lithiamu yenye umbo la AA au AAA, imeandikwa 3.7V, namba yake 14500 au 10440, inaingia kwenye tochi bila shida kwa sababu saizi ni ile ile. Tatu zikiwa zimejaa ni volti 12.6 kwenye tochi ya 4.5. LED inaungua papo hapo, plastiki inayeyuka, na lithiamu iliyopigwa shoti inawaka moto, hiyo siyo hadithi ya kutishana. Mita ikisoma juu ya 1.7 kwenye kitu ulichouziwa kama betri ya kawaida ya AA au AAA usikitie kwenye kifaa chako, kirudishe dukani siku hiyo hiyo.