Hisa imepanda, kol imeshuka: fedha imekwenda wapi?

Swali: Habari mtaalamu. Hisa ilikuwa dola 100. Nikanunua kol moja, yaani haki ya kununua hisa, yenye bei ya utekelezaji 100, imebakiza siku 7, jioni kabla kampuni haijatangaza matokeo ya robo mwaka. Nililipa 4.97. Kesho yake hisa ikafika 103, lakini kol yangu ikawa 3.91. Naona IV, yaani mtikisiko wa hisa ambao soko linautarajia, imetoka asilimia 90 hadi 40. Nilipatia upande, sasa kwa nini nimepata hasara? Au broka ananichezea?

Jibu: Broka hakuchezei, bei hiyo ni halali. Ukiziingiza namba zako kwenye Black-Scholes, fomula ya kukokotoa bei ya opsheni kama kol, na kubadilisha kitu kimoja kimoja badala ya vyote kwa mpigo, utaona fedha yako ilikokwenda. Riba nimeiweka sifuri, maana kwa wiki moja haileti tofauti ya maana.

Anza kwa kuisogeza hisa peke yake, toka 100 hadi 103. Kol inapanda kutoka 4.97 hadi 6.68, yaani dola 1.71, na hii ndiyo faida uliyokuwa ukiisubiri. Kisha ondoa siku moja: bei inashuka hadi 6.32. Muda umekula senti 36, lakini bado uko mbele. Sasa ishushe IV kutoka 90 hadi 40 bila kugusa kingine, na kol inaporomoka hadi 3.91. Hatua hiyo moja imemeza dola 2.41. Kwa kuwa mkataba mmoja ni wa hisa 100, mwendo wa hisa ulikuletea dola 171, muda ukachukua 36, IV ikachukua 241, na hasara ikabaki 106.

Kinachopima hatua hiyo ya mwisho ni vega. Jioni uliponunua, vega ya kol yako ilikuwa kama 0.055, maana yake kila pointi moja ya IV ikishuka, kol inapungua senti tano na nusu. Zidisha kwa pointi 50, unapata dola 2.75. Hesabu halisi imetoa 2.41 kwa sababu vega nayo haitulii: huwa kubwa hisa ikiwa jirani na bei ya utekelezaji, na hupungua hisa inapojitenga nayo na siku zinapokwisha. Hata hivyo, kwa makadirio ya kabla ya kununua, inatosha kabisa.

Sasa iweke vega hiyo kando ya delta yako, iliyokuwa 0.52. Dola moja ya kupanda kwa hisa ilikupa senti 52 hivi, na pointi 10 za IV zikipotea zinakunyang'anya senti 55. Kwa hiyo IV kuanguka pointi 50 kulihitaji hisa ipande karibu dola 5 ili kufidia. Hayo ni makadirio; ukipiga hesabu kamili, pamoja na ile siku moja iliyopita, hisa ilitakiwa iwe kama 104.40 asubuhi ile ili urudishe ulicholipa. Wanunuzi wengi huangalia delta tu, na mimi naona ni kosa kubwa zaidi panapokuwa na tangazo la matokeo.

Hiyo 90 haikuwa imani kwamba hisa itatikisika vile kila siku. IV ni aina ya wastani wa siku zote zilizobaki kwenye opsheni, na ndani ya siku zako 7 mlikuwa na siku moja isiyo ya kawaida. Kinachojumlishwa siku kwa siku ni mraba wa mtikisiko, siyo mtikisiko wenyewe, kwa hiyo hesabu inakwenda hivi:

```
siku zote 7:         90 x 90 x 7 = 56,700
siku 6 za kawaida:   40 x 40 x 6 =  9,600
siku ya matokeo:                   47,100
```

Kipeuo cha pili cha 47,100 ni kama 217. Hicho ni kipimo cha mwaka. Ukikigawa kwa kipeuo cha pili cha 365, ambacho ni 19.1, unapata asilimia 11.4. Huo ndio mkengeuko sanifu ambao soko liliipa siku ile moja, na unalingana na mwendo wa wastani wa asilimia 9 hivi, juu au chini. Wewe ulilipia mwendo wa ukubwa huo, ukapata wa asilimia 3. Upande ulikuwa sahihi, ila ukubwa ulikuwa theluthi tu ya ulioununua.

Ukilielewa hilo, kuanguka kwa IV hakukushangazi tena. Matokeo yakishatangazwa, ile siku inatoka kwenye wastani na zinabaki siku 6 za kawaida zenye 40. IV ingeshuka hata kama habari zingekuwa mbaya, na waliokuuzia walilijua hilo.

Dalili zilikuwepo kwenye skrini kabla hujanunua. Mojawapo ni kujumlisha bei ya kol na bei ya puti, yaani haki ya kuuza hisa, za bei ileile ya utekelezaji na tarehe ileile. Zako zilikuwa 4.97 kila moja, jumla 9.94, kwa hiyo soko lilikuwa likikadiria mwendo wa karibu dola 10 hadi siku ya kuisha. Jiulize hapo kama kweli unategemea zaidi ya hapo. Nyingine ni kulinganisha IV na tarehe za mbali. Kwa hesabu hiyohiyo, opsheni ya siku 60 ingeonyesha IV ya kama 49, kwa kuwa siku moja kali imechanganywa na siku 59 za kawaida. Ukikuta ya karibu ni 90 na ya mbali ni 49, ujue pana tukio linalosubiriwa, na namba ya karibu haitadumu.

Kama bado unaamini hisa itapanda kidogo, uza sehemu ya vega hiyo. Kwa bei zilezile, kol ya 105 ilikuwa 2.98. Ukinunua ya 100 na kuuza ya 105, unatoa 1.99 tu. Asubuhi, hisa ikiwa 103 na IV 40, ya 100 ni 3.91 na ya 105 ni 1.28, kwa hiyo mkononi una 2.63: faida ya senti 64, kwa mwendo uleule uliokuletea hasara. IV iliiteketeza pia kol uliyoiuza, na safari hii kwa manufaa yako.

Gharama yake ni kwamba hisa ikiruka hadi 115, huwezi kupokea zaidi ya dola 5, wakati kol yako ya peke yake ingezidi 15. Hesabu hii pia inachukulia kwamba IV ni moja kwa bei zote za utekelezaji, jambo ambalo kwa kweli huwa si hivyo, na kwamba tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza ni ndogo. Kwenye hisa isiyo na wanunuzi wengi, tofauti hiyo kwa mikataba miwili inaweza kula senti 64 zote, kwa hiyo itazame kabla ya kuagiza, na uagize zote mbili kwa oda moja yenye bei uliyoipanga.