Maneno yamezidi, fomu haikubali

Maelezo ya kikundi chetu cha zabibu yana maneno 412, fomu ya ufadhili inataka 150. Naanza kukata wapi? (Mama wa Hombolo)

Mama, usianze kukata kabisa kwanza. Funika hayo maandishi, chukua karatasi nyingine uandike kwa sentensi moja mnaomba nini na kwa nini, kama unavyomweleza jirani mko kwenye daladala. Hiyo ndo hoja yenu. Sasa rudi kwenye maneno 412, pitia sentensi moja moja ujiulize, hii nikiitoa ile hoja inayumba? Kama haiyumbi itoe yote nzima, usiichonge. Kwa uzoefu wangu historia ya kikundi, salamu, shukrani na ile "kilimo ni uti wa mgongo" vinaondoka hapo hapo na unakuta nusu ya maneno imeshaenda.

Nimechukua sentensi yenu moja: "Kikundi chetu ambacho kilianzishwa na wakulima wachache waliokuwa na nia moja kinapenda kuomba kusaidiwa ili kiweze kupata tanki kwa ajili ya kuhifadhia mchuzi wa zabibu kutokana na changamoto ya soko ambayo imekuwa ikitukabili wakati wa msimu wa mavuno." Maneno 38, na msomaji bado hajui shida ni nini, manake "changamoto ya soko" inaweza kuwa bei, barabara, chochote tu. Chini zaidi mmeeleza vizuri kumbe, ila mmeificha. Nikaiweka hivi: "Tunaomba tanki la mchuzi wa zabibu kwa sababu zabibu zetu zinaiva kwa pamoja, mnunuzi anachukua sehemu tu, na zilizobaki zinaoza ndani ya siku chache." Maneno 24 na sababu iko wazi. Hii ndo iwe sentensi ya kwanza.

Nimefika 163, bado 13, na kila neno naona lina kazi. (Kijana wa Kongwa)

Hapo sasa ndo unachonga, na Kiswahili kinakusaidia sana kama limiti ni ya maneno. "Wakulima ambao wanalima" inakuwa "wanaolima", umeokoa mawili. "Ili kuweza kupata" ni "kupata" tu. "Kufanya ukarabati wa kisima" ni "kukarabati kisima". "Katika kipindi cha mwaka 2024" ni "mwaka 2024", matatu yameondoka. Ukikuta "kwa sababu" weka "kwani". Sita saba za hivi na umemaliza.

Ila usiguse vineno vidogo vinavyoshika ukweli. Umeandika "tani 6 kati ya 20 zilioza", ukibakisha "tani 6 zilioza" hasara yote inapotea, maana msomaji hajui 6 ni nyingi au kidogo. Na "baadhi ya wanachama wana hati" ukitoa "baadhi ya" umeshasema uongo bila kukusudia, wakija kukagua mtaaibika. Pia usiunganishe maneno kama "kwasababu" ili kuidanganya hesabu, msomaji anaona kosa tu.

Ukimaliza mpe mtu asiyejua kikundi chenu asome mara moja, mnyang'anye karatasi, muulize wanaomba nini na kwa nini. Akijua ombi lakini sababu akababaika, ujue umekata sababu. Rudisha, kata pengine.

Fomu inataka herufi 500, Word inasema 487 lakini nikipesti mwisho unakatika. (Dada wa Chamwino)

Umeangalia mstari wa `Characters (no spaces)`. Fomu nyingi zinahesabu na nafasi, kwa hiyo soma ule wa `Characters (with spaces)`. Kama una maneno kama 80 hapo kuna nafasi 79, maana yake uko 566. Na kuruka mstari nako fomu inahesabu, nyingine inahesabu mara mbili, wakati Word haihesabu, kwa hiyo andika aya moja. Kingine, fomu zinazokata kimya kimya zinakata mwishoni, sasa ombi likiwa sentensi ya mwisho ndo hilo linaloondoka.

Tangazo la chanjo ya ng'ombe kwa wafugaji lina herufi 140 tu, mbona linahesabika meseji tatu? (Katibu, Mpwapwa)

Kosa liko kwenye neno ng'ombe lenyewe, katibu. Umeliandika Word ukakopi, na Word inapinda kile kialama cha juu. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160, lakini ikiingia herufi moja ya nje ya seti yake, kialama kilichopinda au emoji, inashuka hadi 70, na ikigawanyika kila kipande kinabeba 67. Herufi 140 ndo zikawa vipande vitatu. Kifute, kiandike upya kwenye simu kikiwa kimenyooka, hakikisha hakijapinda tena, na tangazo lako litaenda meseji moja bila kukata neno hata moja.