Kidonge cha presha: alamu kali au mazoea ya chai?

"Nipo Tanga, nameza amlodipini moja kwa siku. Niweke alamu, au nimeze tu nikinywa chai?"

Wasikilize mashoga wawili wa Ngamiani:

— Yangu inalia saa 1 asubuhi, hainyamazi mpaka niizime.

— Ukishaizima?

— Hapo ndipo penye kasheshe. Nina unga mikononi, naizima, nasema nitameza baadaye. Mchana sijui nimemeza au la.

— Ukiongeza kingine kwa wasiwasi, presha yaweza kushuka mno, upate kizunguzungu. Mimi nina kiboksi cha vyumba 7 kando ya birika. Chumba cha leo kikiwa kitupu, nimemeza.

— Na Ramadhani, chai ya asubuhi hakuna?

— Ndipo ninapopotea. Siku mbili tatu zinapita hivihivi.

Kwa dawa hii mimi nachagua kiboksi, kwa sababu hukaa mwilini zaidi ya siku nzima na kuchelewa kidogo si neno. Ukisahau, meza kabla ya masaa 12 kupita tangu wakati wako wa kawaida; yakipita, ngoja cha kesho, usimeze viwili. Ramadhani ikikaribia, muulize daktari au mfamasia namna ya kuhamishia dozi kwenye futari, kisha sogeza kiboksi karibu na tende.