Kurudi YouTube baada ya kimya kirefu: andika maneno kama 60, kisha endelea na kazi

Ukirudi, usitengeneze video nzima ya kuomba radhi. Watu wengi watakaokutana nayo hawakujua hata kama uliondoka, na kichwa cha "Nimerudi" hakiwaambii watapata nini. Maelezo yako yaweke ndani ya video yenye kazi yake, baada ya sentensi mbili za mwanzo.

Chukua mfano wa chaneli ya dagaa wa Kigoma, iliyonyamaza mwaka na ushee. Video ya kurudi inahusu kutofautisha dagaa waliokaushwa mchangani na wale wa kwenye chanja. Mafungu yote mawili yawe mezani kamera inapowaka, na msemaji aseme hivi:

"Fungu hili limekaushwa mchangani, hili lingine kwenye chanja. Leo utajua kuyatofautisha kabla hujatoa hela. Kama ni mgeni, karibu: hapa tunazungumzia dagaa wa Kigoma, kununua, kukausha na kusafirisha. Kama ulikuwepo, video ya mwisho ilitoka Machi mwaka jana. Simu ya kurekodia iliharibika, na baada ya kuitengeneza nikaendelea kuahirisha. Mlioniuliza maswali kwenye maoni sikuwajibu, samahani. Sasa nitatoa video mbili kwa mwezi. Tuanze na hili la mchangani."

Hapo ni kama sekunde 40 kwa mwendo wa kawaida. Sababu imechukua sentensi moja, tena ikiwa na sehemu isiyopendeza: kuahirisha. Ukisingizia simu peke yake, mtu atauliza mbona ulikuwa unaonekana WhatsApp kila siku. Kama sababu ni msiba au ugonjwa, "nilikuwa na jambo la kifamilia" inatosha. Ukweli haukulazimishi kutaja kila kitu.

Ahadi ndiyo huwaumbua wengi. Kabla ya kutamka "mbili kwa mwezi", uwe na video mbili zaidi zilizokwisha kuhaririwa. Huna? Basi futa sentensi hiyo, maana kunyamaza tena baada ya kuahidi ni kubaya kuliko kutoahidi. Na kama chaneli ilikuwa inalipwa, usivute sana: YouTube inaweza kuzima malipo ya chaneli iliyokaa miezi 6 au zaidi bila kupandisha chochote.

Baada ya siku chache, fungua YouTube Studio, ingia Analytics ya video hiyo, utazame mstari wa Audience retention, unaoonyesha watazamaji wanabaki hadi sehemu gani ya video. Mstari kushuka kidogo mwanzoni ni kawaida. Ukiporomoka kuanzia pale unapotaja Machi, kisha ukatulia dagaa wanapoanza kuchambuliwa, maelezo yamekuwa marefu. Kwenye Editor ya Studio unaweza kukata kipande hicho bila kupandisha video upya. Kata sababu, bakiza utambulisho. Ukiporomoka baada ya sekunde ya 40, tatizo liko kwenye somo lenyewe la dagaa.