Kwa mnaojumlisha upimaji wa afya shuleni: nafasi tupu si sifuri

Wadogo zangu wa idara, wiki iliyopita nimeletewa majedwali matatu ya upimaji wa shule, na yote matatu yana kosa ambalo mimi nimewahi kulifanya. Nimeyarudisha yakiwa na duara za penseli. Naandika hapa sababu za duara hizo, maana kumweleza kila mmoja ofisini kunanichosha, na nyinyi ni wazuri mno kuachwa mkosee jambo hili.

1. Anzeni na rejesta, jedwali lifuate. Mstari mmoja kwa kila mtoto, na kwa kila eneo la upimaji, yaani macho, masikio, meno na lishe, herufi moja: S kwa sawa, T kwa tatizo lisilohitaji rufaa, R kwa rufaa. Asiyepimwa, nafasi yake iachwe wazi. Msijumlishe kutoka kwenye karatasi za vijiti za kila meza, kwa sababu vijiti havina majina, na bila majina hamtajua kwamba mtoto wa macho na mtoto wa meno ni yuleyule.

2. Hesabuni watoto, kisha rufaa, katika safu mbili tofauti. Chukueni darasa la 3B lililonirudisha kwenye somo hili. Waliosajiliwa 58, waliopimwa 52. Macho wana rufaa 4, meno 11, lishe 3. Mmoja wenu akajumlisha akaandika "watoto wa rufaa 18". Lakini mtoto mmoja ana macho, meno na lishe pamoja, na mwingine ana meno na lishe. Rufaa ni 18, watoto ni 15. Anayepanga gari na kuwaita wazazi anahitaji 15. Daktari wa meno anahitaji 11. Mkimpa kila mtu 18, hakuna aliyepata namba yake.

Halafu pale kwenye masikio ya 3B pameandikwa 0. Nikamuuliza aliyeandika, akanijibu kwa uaminifu: "Hatukupima, dada, odiometa iliisha betri." Hapo ndipo nilipoinuka kitini.

3. Sifuri maana yake tulipima na hatukukuta. Naomba mnivumilie hapa.

Miaka tisa iliyopita tulikuwa kwenye shule moja chini ya Mlima Meru. Tulipofika Darasa la Tatu mvua ikaanza kupiga bati. Kipimo cha kusikia hutaka chumba kimya: mtoto avae visikizio, umpigie sauti ya desibeli 30 kwenye hezi 1000, 2000 na 4000, sikio moja moja, naye ainue mkono anaposikia. Chini ya bati lile hata mimi nisingesikia. Tukafunga meza nzima ya masikio, otoskopu nayo ikarudi sandukuni, tukakubaliana kurudi Alhamisi. Alhamisi gari likapewa chanjo. Hatukurudi.

Jioni moja nikakaa kujumlisha. Safu ya masikio ya darasa lile ilikuwa tupu, na fomula yangu ilihesabu herufi R tu. Ikaleta 0. Niliiona. Nilijua mvua ilinyesha. Nilisema moyoni nitaweka maelezo chini ya jedwali, nikahamia darasa lililofuata, nikachoka, nikatuma. Wilayani walisoma madarasa yote, wakaona Darasa la Tatu halina mtoto hata mmoja wa masikio, na mtaalamu alipokuja muhula uliofuata akapelekewa watoto wa madarasa yenye namba. Alifanya sawasawa na nilivyomwandikia.

Mwaka uliofuata nilimkuta mvulana mmoja wa darasa lile, sasa yuko la Nne, amekaa dawati la mwisho. Mwalimu wake akanieleza kuwa ni mkaidi, akiitwa haitiki. Nikamwangalia kwa otoskopu: usaha masikio yote mawili, ngoma zote zimetoboka. Mama yake alisema usaha ulianza kabla ya mvua zile. Usaha unaotoka zaidi ya wiki mbili tayari ni ugonjwa sugu wa sikio, unaosafishwa na kutibiwa kwa dawa ya matone, na kila mwezi unaopita unakula usikivu. Mtoto huyu alikaa mwaka mzima akiadhibiwa kwa kutosikia, ilhali kwenye karatasi yenye sahihi yangu masikio yake yalikuwa salama. Mvua haikuwa kosa langu. Ile sifuri ilikuwa yangu.

Kwa hiyo kwenye seli ya jumla msiweke hesabu tupu. Hesabu ya R peke yake huleta 0 hata kama hakuna aliyepimwa. Iulizeni kwanza kama kuna aliyepimwa. Ikiwa darasa liko safu B na masikio safu E:

```
=IF(COUNTIFS(B:B,"3B",E:E,"<>")=0,"HP",COUNTIFS(B:B,"3B",E:E,"R"))
```

HP ni haikupimwa. Na kama waliopimwa ni sehemu tu ya darasa, andikeni "2 kati ya 31", si 2.

4. Tatizo na rufaa si kitu kimoja, na meno ndiyo yanayowachanganya zaidi. Katika 3B watoto 19 walikuwa na meno yaliyooza, lakini wanaohitaji rufaa ni wale 11 wenye maumivu, jipu au tundu lililofika ndani. Wanane waliobaki ni T. Na huku kwetu, ambako maji yana floraidi nyingi, meno ya kahawia yasiingizwe kwenye meno yaliyooza. Jino linaweza kuwa na madoa na lisiwe na tundu hata moja. Lipeni safu yake. Mtoto mwenye uso uliovimba kwa sababu ya jino hasubiri jedwali, anaondoka siku hiyohiyo.

5. Macho: pimeni jicho moja moja, kwa mita 6, mwenye miwani akiwa ameivaa. Jicho lolote lisiloweza kusoma mstari wa 6/12 ni rufaa, lakini mtoto ni mmoja hata kama ni macho yote mawili.

6. Lishe bila umri sahihi ni kubahatisha. Wavulana wawili wa darasa moja, wote sentimita 135 na kilo 25.5, uwiano wao wa uzito na urefu, yaani BMI, ni 14.0. Aliyetimiza miaka 10 yuko juu ya mpaka wa chini wa WHO, ambao kwa umri huo ni 13.7. Aliyetimiza miaka 12 yuko chini, kwa sababu mpaka wake ni 14.5, naye ni mkondefu. Mnaoandika "miaka 9" kwa darasa zima la Tatu mnawaficha wakubwa waliochelewa kuanza shule, na hao mara nyingi ndio wenye njaa. Tarehe ya kuzaliwa ipo kwenye rejesta ya mwalimu. Iombeni asubuhi, kabla mizani haijashuka kwenye gari.

7. Jedwali la madarasa halina majina. Orodha ya majina huenda peke yake kwa mwalimu wa afya na kwa mzazi, ikiwa na safu ya "amefika kituoni" ambayo mtairudia baada ya mwezi.

3B irudiwe Jumanne. Betri mpya ziko kwenye droo yangu ya pili.